Kitoto Kile, Kitoto Yule

Niliharibu kitabu cha mtu, tena nilikiharibu kwa kalamu ya kusahihisha. Haikuwa haraka wala uzembe. Nilikaa mezani nikasoma kila sentensi, nikakata viambishi vya mwandishi na kuweka vyangu, na nilipomaliza nikajiona nimemwepusha mama wa watu na aibu. Kitabu kikachapwa, kikaenda shuleni. Mwandishi alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyeboronga. Naeleza hapa nilivyoboronga, kwa sababu kosa lenyewe bado nalikuta katika miswada, na mara nyingine nalikuta limefanywa na mhariri mwenzangu na si mwandishi.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya watoto. Mswada huo ulitoka kwa mwalimu mstaafu wa Tabora. Hadithi yake haikuwa ngumu. Kuna mtoto mmoja ambaye umbo lake limegoma kukua, anaishi na bibi yake. Watu wa pale kijijini hawamhesabu. Kuna mwenye duka, pandikizi la mtu, ambaye kazi yake ni kumfukuza kila akimwona barazani. Siku moja lango la ghala la mwenye duka linakwama, na watu wamo ndani. Tundu la dirisha ni dogo, hakuna anayepenya ila yule ambaye hawakuwa wakimhesabu. Anapenya, anafungua, hadithi inaisha.

Nimesema haikuwa ngumu kwa sababu mambo yake makubwa hayakuwa katika matukio. Yalikuwa katika viambishi. Msimulizi, kila anapozungumza kwa sauti yake mwenyewe, husema "mtoto": mtoto aliamka, mtoto alikwenda kisimani. Bibi yake husema "katoto kangu". Wanakijiji husema, "Kitoto kile kimekuja tena. Kifukuzeni!" Na mtoto mwenyewe, kila anapomtazama mwenye duka kutoka chini kwenda juu, hamwoni mtu, anaona jitu: "Jitu lile lilisimama mlangoni, kubwa, refu, baya." Ukurasa wa mwisho, watu wametoka ghalani wakiwa hai, mmoja wao anasema: "Kitoto yule ndiye aliyetufungulia."

Mimi nikaona fujo. Mtu mmoja, majina matatu, upatanisho wa namna tatu. Nikakumbuka kanuni tuliyofundishwa wote, kwamba kiumbe mwenye uhai, hata nomino yake ikianza na ki- au ji-, hupatanishwa kwa A-WA. Hatusemi "kiboko kile kimelala" tukimaanisha mnyama, tunasema "kiboko yule amelala". Vipepeo wanaruka, viongozi wamekutana, majirani wamefika. Kanuni hiyo ni ya kweli na sikuitunga. Nikaichukua kama ilivyo na kuipitisha katika mswada mzima.

Wanakijiji wakawa wanasema, "Kitoto yule amekuja tena. Mfukuzeni!" Mwenye duka akawa, "Jitu yule alisimama mlangoni, mkubwa, mrefu, mbaya." Katoto ka bibi nikakaona ni lugha ya mtaani, nikakabadilisha kakawa kitoto, kisha nikakatia A-WA kama wengine: "Kitoto wangu amekula?" Sentensi ya ukurasa wa mwisho sikuigusa, kwa kuwa tayari ilikuwa na "yule" na "ndiye". Nilifikiri hapo ndipo mwandishi alipokumbuka sarufi.

Kitabu kilipomfikia, alinipigia simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kitabu nimekipata. Karatasi nzuri, picha nzuri." Akatua kidogo. "Sasa niambie, kitoto changu nani kakifanya mtu ukurasa wa pili? Mimi nilipanga awe mtu ukurasa wa mwisho."

Nikaanza kumweleza habari za viumbe wenye uhai na A-WA. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndivyo walimu walivyo, kisha akaniuliza kwa upole: "Wewe ukimkasirikia mtu, ukamwita jitu, unasema jitu huyu au jitu hili?"

Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Ninasema jitu hili. Kila mtu anasema jitu hili. Nimelisema maisha yangu yote bila kufikiri, kisha nikakaa mezani na kalamu nikalisahau.

Mahali nilipoteleza ni hapa. Nililitia neno "kitoto" katika kundi la kiboko, na neno "jitu" katika kundi la jirani. Kwa macho yanafanana, lakini ki- ya kiboko haipunguzi chochote. Kiboko si mboko aliyedogoshwa, maana hakuna mboko wa kawaida ambaye kiboko ni mdogo wake. Neno limezaliwa na hiyo ki-, na kwa kuwa linamtaja mnyama, upatanisho wake unafuata uhai wake. Vivyo hivyo jirani. Hakuna mrani aliyekuzwa akawa jirani. Kitoto ni jambo jingine. Mtoto yupo, anaishi katika lugha kila siku, na aliyesema "kitoto" amemwacha mtoto kwa makusudi na kuokota neno lingine. Jitu nalo ni hivyo hivyo, mtu yupo. Aliyesema "jitu" alikuwa na "mtu" kinywani akaligeuza.

Mtu anapomtoa mwenzake katika neno lake la kawaida na kumtia katika ki- au ji-, humtoa pia katika upatanisho wake. Sentensi yote inahama naye. Chukua sentensi hii ya kawaida: "Mtoto yule mmoja mwenye kofia aliyekaa pale ndiye niliyemwona jana." Kwa udogo inakuwa: "Kitoto kile kimoja chenye kofia kilichokaa pale ndicho nilichokiona jana." Kwa ukubwa: "Toto lile moja lenye kofia lililokaa pale ndilo nililoliona jana." Hakuna neno linalohusu mtoto huyo lililobaki kama lilivyokuwa. Kionyeshi kimebadilika, idadi imebadilika, kirejeshi kimebadilika, na hata kile kiambishi kidogo cha yambwa kilichojificha katikati ya kitenzi kimebadilika: niliyemwona, nilichokiona, nililoliona. Msikilizaji anaambiwa tena na tena kwamba huyu anayesemwa hapa amewekwa pamoja na viti na vikombe, au pamoja na mawe na majembe. Kejeli imo katika ule mrudio. Nilipoacha "kitoto" na kufuta vingine vyote, nilibakiza jina la dharau nikaondoa dharau yenyewe.

Nilichelewa pia kuelewa kazi ya ji-, na hapo ndipo "jitu" liliponiponyoka. Kukuza neno kwa kawaida ni kulivua kiambishi chake, kama shina lina silabi mbili au zaidi: mtoto huwa toto, mlango huwa lango, kikapu huwa kapu, mfuko huwa fuko. Shina likiwa na silabi moja haliwezi kusimama peke yake. Ukimvua mtu kiambishi chake unabaki na "tu", na hilo si neno la kumwita mtu. Hapo ji- huja kulishika: mtu huwa jitu, mbwa huwa jibwa, mto huwa jito. Na ukitaka kulidogosha shina hilo fupi, ji- haiondoki, ki- hupanda juu yake: kijitu, kijibwa, kijito.

Ji- hii si ile ya jiwe na jicho, ingawa kwa umoja huwezi kuzitofautisha. Utazijua kwenye wingi. Jiwe huwa mawe, jicho huwa macho: ji- imeondoka, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuonyesha umoja tu. Jitu huwa majitu, jibwa huwa majibwa, joka huwa majoka: ji- ya jitu na ya jibwa imebaki, na j ya joka imebaki, kwa sababu ndiyo inayobeba ukubwa, na ukubwa hauishi eti kwa kuwa wamekuwa wengi. Wanakijiji wa hadithi yetu wangekutana na watatu wa namna ya mwenye duka, wangesema "majitu matatu yamekuja", wala wasingefika popote bila hiyo ji-. Kama ningeujaribu wingi siku ile, ningeona kwamba neno lililo mbele yangu ni neno lililokuzwa, na ningeuacha upatanisho wake wa LI-YA.

Kuna kitu kingine kilichonidanganya, nacho ni vivumishi. Katika LI-YA, kivumishi cha kawaida hakichukui kiambishi chochote kwa umoja: jitu kubwa, jitu refu, jitu baya. Mhariri anayepita haraka anaona "kubwa, refu, baya" zikiwa uchi, anadhani mwandishi amesahau kuzivika. Nami nikazivika: mkubwa, mrefu, mbaya. Vivumishi vichache tu ndivyo vinavyojitangaza, kama jipya, jeusi na jema, na mswada ule haukuwa na hata kimoja cha kunishtua. Kwa udogo hali ni tofauti, ki- inaonekana kila mahali, na kosa la mwandishi au la mhariri huonekana mapema. Kwa sababu hiyo katika miswada nakuta makosa mengi zaidi upande wa ukubwa kuliko upande wa udogo.

Hata kwa kanuni yangu mwenyewe, kazi niliifanya nusu nusu. Nilibadilisha viambishi vilivyo karibu na nomino, maana jicho linaviona, nikaacha vilivyo mbali. Mwandishi alikuwa amemwandikia mwanakijiji mmoja maneno haya: "Kitoto kile kilijificha nyuma ya kapu. Jitu likalisogeza kapu, likakitazama." Katika kitabu kilichochapwa ikasomeka: "Kitoto yule alijificha nyuma ya kapu. Jitu akalisogeza kapu, akakitazama." Alikitazama nini? Katika mswada, ki- ya "likakitazama" ilikuwa inamrudia kitoto, na hakukuwa na kitu kingine cha ki- pale. Mimi nimeshamhamishia kitoto A-WA, kwa hiyo ile ki- imebaki haina mwenyewe. Mwalimu mmoja aliyekisoma kitabu darasani alimwambia mwandishi kwamba watoto walikuwa wakiuliza nyuma ya kapu kulikuwa na kitu gani, na wengine walishasema ni kisu.

Siku hizi, mswada wenye udogo na ukubwa nausoma kuanzia mwisho wa aya kurudi juu, nikitafuta viambishi vya yambwa na virejeshi kabla ya kutazama nomino. Ukianza na nomino, akili inajaza yenyewe yaliyo mbele. Ukianza na "akakitazama", unalazimika kuuliza ki- hii ni ya nani, na ukipanda aya nzima bila kumpata mwenyewe, umeshalishika kosa.

Nirudi kwa katoto ka bibi, maana hapo nilimkosea mwandishi zaidi. Kiswahili sanifu hakina ngeli ya ka-. Lugha nyingine nyingi za Kibantu zinayo, Kikuyu na Kinyamwezi zikiwamo, na udogo wake huenda ka- kwa umoja na tu- kwa wingi. Kwa hiyo Kiswahili kinachosemwa bara, Tabora kwa mfano, na hata kile cha Lubumbashi, kimeirudisha ka- pamoja na upatanisho wake: katoto kale kamelala, kanyumba kazuri. Katika maandishi rasmi hatuiandiki, na ndiyo maana kalamu yangu ilipoiona ilikimbia kuikata. Lakini maneno yale yalikuwa ndani ya alama za kunukuu, kinywani mwa bibi kizee wa Unyamwezi. Huko ka- ni neno la kumbembeleza mtoto.

Nikaweka ki-, na ki- haina uhakika huo. Ki- inaweza kubembeleza na inaweza kudharau, na anayeamua ni kile kilichotangulia. Kurasa mbili nyuma wanakijiji walikuwa wamekwisha kulitia neno "kitoto" uchungu. Bibi alipokuja kulitamka, alionekana amejiunga nao. Mwandishi alinieleza hilo bila kupandisha sauti: "Yule bibi ndiye peke yake anayempenda tangu mwanzo. Nilimpa neno lake mwenyewe ili asichanganywe na wale."

Ile sentensi ya mwisho ndiyo inayoniuma. "Kitoto yule ndiye aliyetufungulia." Kwa sarufi ya darasani, mwanafunzi akiiandika katika zoezi la udogo atakatwa alama, maana ilipaswa kuwa "kitoto kile ndicho kilichotufungulia". Katika mazungumzo utazisikia zote mbili, na watu hawazitumii ovyo. Aliyetoka ghalani hakuwa tayari kuliacha jina alilozoea kumwita mtoto yule. Ulimi wake bado unasema kitoto, lakini upatanisho umemtangulia na kukiri kwamba huyu ni mtu. Nomino imebaki kijijini, viambishi vimehama. Ili msomaji alione hilo, ni lazima awe amesikia "kitoto kile" kurasa zote zilizotangulia. Mimi nilikuwa nimeshaweka "kitoto yule" kuanzia mwanzo. Sentensi ilibaki vilevile herufi kwa herufi, lakini haikuwa na la kusema tena.

Aibu hiyo ilinisukuma kwenye kosa la pili. Baada ya simu ile nikawa kama niliyeokoka: kila nomino yenye ki- nikawa naitazama kwa heshima mpya. Muda si mrefu nikapewa makala ya kuhariri, habari ya watu wa kazi za kutwa waliokuwa wakidai malipo. Mwandishi wake aliandika "vibarua walipanga foleni tangu alfajiri". Nikakata "walipanga", nikaandika "vilipanga". Bahati nzuri mkuu wangu alipitia kurasa kabla hazijaondoka. Akaja mezani kwangu na ile karatasi, akaweka kidole juu ya neno: "Ndugu, hawa ni watu. Wamekukosea nini?"

Alikuwa na haki. Kibarua anayefanya kazi ni A-WA: kibarua amelipwa, vibarua wamelipwa. Kibarua ambacho ni kazi yenyewe ni KI-VI: kibarua chake kimeota nyasi. Kati ya mtu na kazi yake, tofauti yote imo katika upatanisho, na nilikuwa nimewageuza watu kuwa kazi zao. Hakuna mtu aliyedogoshwa katika neno hilo wa kunipa kisingizio. Hakuna mbarua wa kawaida. Nilitoka kwenye kosa la kuwaona wote ni A-WA nikaangukia la kuwaona wote ni KI-VI, na la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu la kwanza liliondoa tusi alilolitaka mwandishi, na la pili lilimtukana mtu asiye na hatia.

Mambo hayo mawili yalinifundisha kutouliza tena "neno hili lina ki- au ji-?" Swali la kwanza sasa ni kama neno lina mwenzake wa kawaida anayetumika kwa kiumbe huyohuyo, leo, katika Kiswahili cha leo. Hayo ya "leo" nayasisitiza kwa sababu ya neno "kijana". Shina lake ni lile la mwana, na umbo lake ni la udogo kabisa: ki-, kisha j, kisha -ana. Lakini hakuna anayesema kijana akimaanisha mwana aliyepunguzwa. Neno limesafiri, limekuwa jina la rika, na tunasema kijana amefika, vijana wamefika. Mwenye kumwambia barobaro "kijana hiki" anatafuta ugomvi. Ukifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo TUKI ilianza kuitoa mwaka 1981, utakuta upatanisho wa nomino umetiwa kwenye mabano mbele yake. Kwa maneno yaliyokwisha kusafiri namna hiyo, mabano yale yananitosha kuliko umbo la neno.

Swali la pili ni nani anayesema. Nikishajua kwamba neno limedogoshwa au kukuzwa kweli, sibadilishi upatanisho mpaka nijue sauti ni ya nani. Msimulizi asiye na upande akisema "kitoto kile" ghafla, baada ya kurasa kumi za "mtoto yule", namwandikia mwandishi kumuuliza. Mhusika akisema hivyo, namwachia. Na mwandishi akichanganya katika sentensi moja, "kitoto kile amelala", namuuliza pia, kwa sababu mara nyingi ni kuteleza, lakini si kila mara.

Ajabu ni kwamba shida yote hii iko kwa viumbe peke yao. Kwa vitu hakuna cha kuamua. Nyumba ikidogoshwa ni kijumba, kijumba kile kimebomoka. Ikikuzwa ni jumba, jumba lile limebomoka. Hakuna upatanisho wa pili unaosubiri pembeni, kwa hiyo aliyeufuata hajasema neno lolote la ziada juu ya nyumba. Mji umetupa kijiji upande mmoja na jiji upande wa pili, na maneno hayo yameshapoa kabisa. Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, li- ya "jiji limetangazwa" haikumkuza mtu wala kumbeza. Na mzaliwa wa kijijini hasikii dharau katika "kijiji chetu". Kwa viumbe ndiko kuna njia mbili, na palipo na njia mbili, kila anayepita amechagua. Mwandishi wangu alichagua kila mara kwa macho mawili. Mimi nikamchagulia upya nikidhani nafuta makosa ya chapa.

Nilimwomba radhi siku ileile, akanisamehe, akasema ameshasahihisha madaftari mengi kiasi cha kujua kwamba kalamu nyekundu nayo hukosea. Mchapishaji alisema nakala zilizopo ziishe kwanza. Kwa kuwa bado hazijaisha, na kwa kuwa huenda moja iko mikononi mwa mwalimu anayesoma hapa, sahihisho naliweka mwenyewe.

Wanakijiji waseme: "Kitoto kile kimekuja tena. Kifukuzeni!" Penye kapu pasomeke: "Kitoto kile kilijificha nyuma ya kapu. Jitu likalisogeza kapu, likakitazama." Mlangoni: "Jitu lile lilisimama mlangoni, kubwa, refu, baya." Bibi aulize: "Katoto kangu kamekula?" Ukurasa wa mwisho uachwe ulivyo, na mwanafunzi akisema una kosa, aulizwe kwanza ni nani aliyebadilika katika sentensi ile, mtoto au msemaji.